Chaneli ya Donchian: kufuata trendi ukiwa umekubali kupoteza mara nyingi

Katika kila biashara kumi anazofungua mtu anayefuata trendi kwa chaneli ya Donchian, sita au saba huishia kwenye hasara. Mfumo wenyewe ndivyo ulivyo, kwa hiyo asiyeweza kuishi na hali hiyo asipoteze muda kuusoma. Tunachohitaji kukielewa ni jinsi hesabu inavyoweza kufunga na faida licha ya hasara zote hizo, na mahali inapovunjika.

Richard Donchian alizaliwa mwaka 1905 huko Hartford, Connecticut, kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Armenia. Mwaka 1949 alianzisha Futures, Inc., mfuko uliokusanya fedha za watu wengi na kuzifanyia biashara kwenye masoko ya bidhaa za baadaye. Kanuni yake maarufu ilikuwa ya wiki nne: bei ikipita kilele cha wiki nne zilizopita, nunua, ikishuka chini ya kina cha wiki nne zilizopita, uza. Wiki nne ni siku ishirini za soko, na ndiyo maana programu nyingi za chati hukuwekea 20 hata kabla hujagusa kitu.

Mwishoni mwa 1983 huko Chicago, Richard Dennis na mwenzake William Eckhardt walibishana kama kazi hii inafundishika. Dennis akachukua watu wasio na uzoefu mkubwa, akawafundisha kwa wiki mbili, kisha akawapa fedha zake wafanye biashara. Wakaitwa Kasa, kwa sababu alikuwa ameona shamba la kasa huko Singapore na kusema atakuza matreda vivyo hivyo. Walikuwa na kanuni mbili: ya haraka, yaani kuingia kwenye kilele cha siku 20 na kutoka kwenye kina cha siku 10; na ya polepole, yaani kuingia kwa siku 55 na kutoka kwa siku 20. Katika mwongozo huu natumia ile ya polepole. Ishara zake ni chache, ada zinapungua, na mwenye kazi nyingine mchana anaweza kuifuata kwa kuangalia chati mara moja jioni.

Kuchora chaneli

Chaneli ina mistari miwili tu ya maana. Wa juu, tuuite dari, ni bei ya juu kabisa iliyofikiwa katika siku 55 zilizopita. Wa chini, tuuite sakafu, ni bei ya chini kabisa ya siku 20 zilizopita. Ukiwa huna biashara, unaitazama dari. Ukishanunua, unaitazama sakafu. Kwa anayeuza akitarajia bei ishuke mambo hugeuka: anaingia bei inapovunja kina cha siku 55 na kutoka inapopita kilele cha siku 20. Nitaeleza upande wa kununua tu, kwa kuwa mwingine ni uleule uliopinduliwa.

Kosa linalowapata wengi liko kwenye neno «zilizopita». Kiashiria cha Donchian Channels cha TradingView huhesabu pamoja na siku ya leo. Leo bei ikipanda kuliko siku zote 55, dari nayo hupanda pamoja nayo, na bei haionekani kuipita kamwe. Mtu hukaa anasubiri mpasuo ambao kihesabu hauwezi kutokea. Lazima ulinganishe bei ya leo na dari ya jana. Unaweza kuandika kiashiria chako kifupi cha Pine, lugha ya kuandikia viashiria vya TradingView, chenye kurudi nyuma siku moja, na kazi hiyo inafanywa na ile `[1]` mwishoni mwa mstari:

```
//@version=5
indicator("Donchian 55/20", overlay=true)
juu   = ta.highest(high, 55)[1]
chini = ta.lowest(low, 20)[1]
plot(juu, color=color.green)
plot(chini, color=color.red)
```

Mimi napendelea jedwali, kwa sababu jedwali hukulazimisha uone kila nambari inatoka wapi. Weka tarehe safu A, bei ya kufungua B, ya juu C, ya chini D, ya kufunga E. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, na bei zinaanza mstari wa pili. Kisha:

```
F57: =MAX(C2:C56)
G57: =MIN(D37:D56)
H3:  =MAX(C3-D3, ABS(C3-E2), ABS(D3-E2))
I57: =AVERAGE(H37:H56)
```

Safu F ni dari na G ni sakafu. Angalia kwamba fomula ya mstari wa 57 inaishia mstari wa 56, kwa hiyo leo haimo. Safu H inapima mwendo halisi wa siku: umbali kati ya bei ya juu na ya chini, au kuruka kutoka kufunga kwa jana, chochote kilicho kikubwa zaidi. Safu I ni wastani wa mwendo huo kwa siku ishirini. Kasa waliuita N, nami nitafuata jina hilo. (Wao walitumia wastani unaozipa siku za karibuni uzito zaidi. Tofauti ni ndogo, na wastani wa kawaida unatosha.) Buruta fomula hadi chini, na kazi ya hesabu imekwisha.

Kanuni za kuingia na kutoka

Soko likifunga juu ya dari, unanunua kesho yake linapofunguka. Wako wanaoweka oda ya kununua papo hapo bei inapoigusa dari. Wanapata bei bora siku za mwendo mkali, lakini wananaswa zaidi na mipasuo ya uongo inayorudi kabla jioni haijafika. Nimechagua kufunga kwa sababu ya kawaida kabisa: unaangalia mara moja. Kakao ya New York, kwa mfano, hufunga saa mbili na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, au saa tatu na nusu wakati wao wamerudisha saa nyuma. Ukishakula chakula cha usiku unafungua jedwali, unasoma safu mbili, unafunga.

Dakika ileile unayonunua unaweka oda ya kukata hasara kwenye umbali wa N mbili chini ya bei uliyopata. Hesabu kutoka bei uliyonunulia hasa, si kutoka dari. N mbili maana yake ni kwamba soko linaweza kuyumba siku nzima kwa mwendo wake wa kawaida bila kukutoa. Ukibana zaidi, tuseme nusu ya N, kelele za kila siku zitakutoa hata pale ambapo ulikuwa sahihi.

Baada ya hapo una njia mbili tu za kutoka: ama oda yako ya kukata hasara imeguswa, ama bei imeshuka chini ya sakafu ya siku 20. Mwanzoni sakafu huwa mbali na oda ndiyo hukulinda. Trendi ikishika kasi, sakafu hupanda kila wiki hadi ikaipita oda, na kuanzia hapo sakafu ndiyo mlinzi. Hakuna lengo la faida. Hakuna kusema nikipata mara mbili ya nilichohatarisha natoka. Kwenye mifumo mingine sentensi hiyo ina mantiki yake, lakini humu ndiyo inayoua kila kitu, na muda si mrefu nambari zitaonyesha kwa nini.

Kiasi cha kununua

Hapa ndipo N inapofanya kazi yake ya pili. Amua kwamba biashara moja ikienda vibaya kabisa utapoteza asilimia 1 ya akaunti. Kiasi hicho tukiite R. Ukiwa na dola 10,000, R ni dola 100. Kiasi cha kununua ni R ukigawa kwa N mbili:

```
kiasi = (akaunti x 0.01) / (2 x N x thamani ya pointi moja)
```

Matokeo yake ni kwamba soko linaloruka sana unalinunua kidogo na soko tulivu unalinunua kingi, na hasara ikija inakuwa karibu sawa popote ilipotokea. Bila hilo huwezi kulinganisha biashara moja na nyingine. Hasara moja kwenye kitu chenye papara ingefuta faida tano za kitu kipole.

Kasa waliongeza biashara ile ile kila bei iliposogea nusu ya N kwa faida yao, hadi jumla ifike mara nne ya kiasi cha kwanza. Hilo huongeza ushindi mkubwa na huongeza maumivu ya kurudishwa nyuma. Kwa anayeanza nasema aache.

Kakao ya 2024, hatua kwa hatua

Kakao ni mfano mzuri kwa sababu ukijua kilichotokea unaelewa kwa nini trendi huwepo. Sehemu kubwa ya kakao ya dunia hutoka Kodivaa na Ghana. Mvua zilikwenda mrama, ugonjwa wa virusi unaovimbisha machipukizi ulikuwa umeingia mashambani kwa miaka, na miti mingi ilikuwa imezeeka. Kwenye nchi hizo mbili bei ya mkulima hupangwa na mamlaka za serikali kwa msimu mzima, kwa hiyo bei ya New York ilipoanza kupanda, mkulima hakuiona mkononi mara moja, na hata angeiona, mkakao aliopanda huchukua miaka mitatu hadi mitano kuzaa. Wakulima wa Kyela na Bundibugyo wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa mbele ya kompyuta. Bidhaa inapopungua na haiwezi kuongezwa haraka, bei haina njia nyingine isipokuwa kupanda hadi baadhi ya wanunuzi washindwe, na habari hiyo huwafikia watu kwa vipande, mwezi baada ya mwezi.

Februari 2024 bei ya New York ilivuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1977. Mwishoni mwa Machi ilivuka dola 10,000 kwa tani, na Aprili ikapita 11,000. Kisha ikaanguka kwa kishindo ndani ya siku chache.

Sasa tufanye biashara hiyo kwa nambari. Bei za kuingia na kutoka hapa chini nimezizungusha ili hesabu ifuatike kirahisi. Zichukue kama mfano uliowekwa ndani ya mwendo ule, si nakala ya soko. Akaunti ni dola 10,000.

Mwezi Januari soko linafunga juu ya dari ya siku 55. Kesho yake unanunua kwa 4,600. N ni 110, kwa hiyo N mbili ni 220 na oda ya kukata hasara inakaa 4,380. Hapa pointi moja ni dola moja kwa tani, kwa hiyo gawanya 100 kwa 220, unapata tani 0.45. Broka wako anakubali sehemu za kumi za tani, unashusha hadi tani 0.4. Ukikatwa utapoteza 220 mara 0.4, yaani dola 88. Hiyo ndiyo R yako halisi kwa biashara hii. Daima shusha, usipandishe hadi 0.5 kwa sababu imekaribia.

Februari bei inapita 5,500 na faida yako kwenye skrini ni dola 360, mara nne ya ulichohatarisha. Watu wengi hutoka hapa, na magazeti ya wiki hiyo yangewaunga mkono, maana bei ilikuwa kwenye rekodi ya miaka 47 na ilionekana imeshafika mbali kupita kiasi. Chaneli haina habari na rekodi. Sakafu iko chini ya bei, unabaki.

Aprili bei iko 11,500. Faida kwenye skrini ni 6,900 mara 0.4, dola 2,760. Sakafu ya siku 20 imebaki nyuma kabisa, kwenye 9,000 na ushee. Halafu soko linageuka, linaporomoka, na unatolewa kwa 9,000. Faida uliyoweka mfukoni ni 4,400 mara 0.4, dola 1,760.

Tazama nambari hizo mbili kwa macho makavu. Umerudisha dola 1,000, zaidi ya theluthi ya ulichokuwa umekiona. Hisia itakuwa ya kuibiwa. Lakini 1,760 ukigawa kwa 88 ni 20. Umehatarisha kimoja, umepata ishirini. Sakafu iliyokurudisha nyuma dola 1,000 ndiyo ileile iliyokuacha ukae Februari na Machi wakati bei inashuka siku tatu na kupanda tena. Huwezi kuibana mwishoni bila kuibana katikati, kwa sababu siku ile ile hakuna anayejua kama ni katikati au mwisho.

Daftari la mwaka mzima

Biashara ya kakao peke yake haithibitishi lolote, kwa kuwa nimeichagua nikijua ilivyoisha. Mfumo hauna bahati hiyo. Lazima uwe kwenye masoko mengi na uchukue kila mpasuo, kwa sababu mpasuo utakaozaa 20R unafanana kabisa na ule utakaokukata keshokutwa.

Tuseme unafuata masoko kumi yasiyofanana, na kwa mwaka umefungua biashara 40. Daftari hili ni la kubuni, ila umbo lake ni la kawaida kwa mfumo huu. Biashara 26 zimeleta hasara, wastani wa 0.8R kila moja (si R kamili, kwa sababu wakati mwingine sakafu hukutoa kabla oda haijaguswa). Hiyo ni 20.8R iliyotoka. Biashara 11 zimeleta faida ndogo, wastani wa 1.2R, jumla 13.2R. Biashara tatu zimeshika trendi: moja 20R, moja 7R, moja 5R, jumla 32R. Ada na spredi, yaani pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, zimekula 0.1R kwa kila biashara, jumla 4R.

Jumlisha: 13.2 na 32 ni 45.2. Toa 20.8, toa 4. Inabaki 20.4R, yaani karibu asilimia 20 ya akaunti kwa mtu anayehatarisha asilimia 1, na umeshinda mara 14 kati ya 40.

Sasa ondoa kakao peke yake. Inabaki 0.4R. Mwaka mzima wa kuangalia chati kila jioni umeishia karibu na sifuri. Na ungeiuza kakao ilipofika 4R? Jumla ya mwaka ingeshuka kutoka 20.4R hadi 4.4R. Ndiyo maana nilisema lengo la faida linaua mfumo huu. Upande wa hasara umeshafungwa kwenye R moja. Ukifunga na upande wa faida kwenye mara nne, huku ukiendelea kupoteza mara 26 kati ya 40, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinalipa bili.

Hasara zile ndogo ni kama kodi ya kibanda sokoni: unailipa hata siku ambazo mteja hakuja, kwa sababu hujui atakuja siku gani, na asipokukuta ndiyo basi.

Swali la busara ni kwa nini soko lilipe namna hii. Oda ya kukata hasara imeweka mwisho wa upande mmoja, na sakafu inayopanda haijaweka mwisho wa upande wa pili. Hilo peke yake lingetosha kubadilisha umbo la matokeo, lakini lisingeleta faida kama bei zingekuwa zinatembea kwa bahati nasibu tupu. Hasara ndogo nyingi zingelingana na faida kubwa chache, kisha ada zikupeleke chini. Faida inatoka kwenye ukweli kwamba baadhi ya mabadiliko huchukua miezi, kama tulivyoona kwa kakao. Mafuta yalipoporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 50 Januari 2015, ilikuwa hivyohivyo. Mwaka ambao masoko yote yanayumba tu bila mabadiliko ya namna hiyo, mfumo huu unapoteza. Miaka kadhaa baada ya 2008 ilikuwa migumu sana kwa wafuata trendi, na waliosubiri walipata mwaka mzuri 2014 na tena 2022. Kungoja kunaweza kuwa kwa miaka, si miezi.

Msururu wa hasara

Ukiwa unashinda asilimia 35 ya biashara zako, nafasi ya kupata hasara nane mfululizo mahali fulani ndani ya biashara 100 ni takriban theluthi mbili. Hasara kumi mfululizo ni takriban theluthi moja. Hii ni hesabu ya sarafu iliyopinda, haihusiani na ustadi wako. Panga kana kwamba itakukuta.

Kwa asilimia 1, hasara kumi kamili mfululizo zinakuondolea karibu asilimia 10 ya akaunti. Inauma, unaendelea. Kwa asilimia 5, kumi hizo zinakuacha na dola 6,000 kati ya 10,000, na sasa unahitaji faida ya asilimia 67 ili urudi ulipokuwa. Mfumo ni uleule, ishara ni zilezile, lakini mmoja yuko hai kakao inapopasua na mwenzake ameshafunga akaunti. Kwenye magrupu ya matreda watu hubishana siku nzima kuhusu 20 au 55, na ni nadra kubishana kuhusu asilimia wanayohatarisha, ambayo ndiyo iliyowatoa wengi.

Baada ya hasara ya saba, mkono unakuwa mzito kubonyeza. Mtu anasema hii naipita, niangalie kwanza. Dhana kwamba mfumo «umeshapoteza vya kutosha, sasa utashinda» ni ya uongo, na dhana kwamba «umekufa» nayo haina ushahidi. Kinachojulikana ni kwamba ukiruka biashara moja kati ya 40, kuna nafasi moja kati ya 40 kwamba umeiruka ile ya 20R.

Mahali panapovunjika kwa mwenye akaunti ndogo

Mkataba kamili wa kakao New York ni tani 10. Kwa N ya 110, kukatwa mara moja ni dola 2,200, na ili hiyo iwe asilimia 1 unahitaji akaunti ya dola 220,000. Kwa hiyo wengi wetu tunaingia kupitia mabroka wa mtandaoni wenye vipimo vidogo, na hapo linazuka jambo ambalo vitabu vya zamani havikulijua: riba ya kila usiku, ambayo mabroka huiita swopu. Chukua tani 0.4 kwa bei ya wastani ya 7,000. Thamani yake ni dola 2,800. Broka akikutoza kiwango cha asilimia 8 kwa mwaka, miezi mitatu inakula dola 56, karibu theluthi mbili ya R. Kwenye biashara ya 20R hutaihisi. Lakini biashara inayosuasua miezi miwili na kuishia na faida ndogo huenda ikaliwa yote. Kabla ya kuingia soko lolote, fungua maelezo ya bidhaa kwenye jukwaa la broka, soma swopu ya kununua na ya kuuza, uzidishe kwa siku 60. Ikizidi theluthi moja ya R, soko hilo liache. Wenye akaunti za Kiislamu zisizo na swopu wasome masharti vilevile, kwa kuwa baadhi ya mabroka huweka ada ya kila siku baada ya muda fulani, na kwa anayekaa na biashara kwa miezi matokeo ni yaleyale.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha broka ana leseni. Kwa Kenya, anayetoa ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na orodha iko kwenye tovuti yao.

Jambo la pili: masoko kumi yasiwe soko moja lenye majina kumi. Ukinunua dhahabu, fedha, euro na pauni kwa wakati mmoja, umefanya biashara moja kubwa dhidi ya dola, na siku dola ikipanda utakatwa kote kwa pamoja. Hesabu kundi kama hilo kuwa na kikomo cha 3R au 4R kwa jumla.

La tatu, oda ya kukata hasara si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, na bei iliruka mbali sana. Oda zilizokuwa karibu zilitekelezwa huko chini ambako wanunuzi walipatikana. Masoko yanayofunga usiku, kakao ikiwemo, huweza kufunguka mbali na yalipoachwa. R yako ni hasara ya siku ya kawaida, na mara chache itakuwa mbili au tatu. Asilimia 1 inaacha nafasi ya hilo, asilimia 5 haiachi.

Kujua kama ni ukame au ni hitilafu

Kila biashara iliyofungwa iandikie mstari mmoja: tarehe, soko, bei ya kuingia, N ya siku hiyo, R kwa dola, bei ya kutoka, matokeo kwa R, na kama ulitoka kwa oda, kwa sakafu au kwa mkono wako mwenyewe. Safu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote.

Ukishafika biashara 30 na akaunti iko chini, soma hivi. Wastani wa hasara ukiwa zaidi ya 1R, tatizo ni utekelezaji: kiasi kimekosewa, oda inasogezwa, au spredi ni pana mno kwa soko hilo. Faida zikiwa zote zinaishia 2R au 3R na safu ya mwisho imejaa «mkono», unavuna kabla ya wakati. Wastani wa hasara ukiwa chini kidogo ya 1R, faida zote zimetolewa na sakafu, na hakuna kubwa iliyokuja, huo ni ukame. Endesha jedwali hilohilo juu ya bei za miaka kumi au zaidi za masoko yako na utafute kipindi kibaya kuliko vyote ndani yake. Kama kipindi kibaya cha zamani kilikuwa 18R na wewe uko 11R chini, hakuna la kurekebisha. Ukiwa 30R chini, simamisha, urudi kwenye jedwali, uanze na kukagua kama `[1]` ile ipo mahali pake na kama mikataba iliyokwisha muda imeunganishwa bila kuacha pengo la bei, kwa sababu pengo la kuunganisha mikataba huonekana kwenye chati kama mpasuo ambao sokoni haukuwahi kuwepo.